Slaisa iliyojiwasha: uchambuzi wa kisa cha kujeruhiwa vidole wakati wa kuosha mashine, Mwanza

## Kilichonifikisha kiwandani

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda kidogo cha nyama jijini Mwanza. Majina nimebadilisha, na nimeacha mtaa, mwaka na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Niliitwa siku ya tisa baada ya ajali. Mwenye kiwanda alikuwa amenunua glovu za kuzuia kukatwa kwa bei iliyomuuma, na alitaka kujua kwa nini mfanyakazi aliyezivaa alijeruhiwa vidole viwili hata hivyo. Aliniwekea glovu yenyewe mezani, imekauka damu, kidole cha shahada kimepasuka na nyuzi zake zimevutwa hadi urefu wa mkono mzima.

Swali lake lilikuwa la haki na nitalijibu. Lakini kabla sijaishika glovu nilimwomba anionyeshe mashine, na hasa mahali inapowashiwa.

## Mahali na mashine

Kiwanda kina wafanyakazi kumi na wanne. Wananunua nyama ya ng'ombe kutoka machinjioni, wanatengeneza soseji, na wanapika mapande makubwa ya nyama ambayo hukatwa slesi nyembamba kwa ajili ya hoteli na maduka makubwa. Mashine ni tano: ya kusagia, ya kuchanganyia, ya kujazia soseji, msumeno wa mifupa, na slaisa.

Slaisa ina kisu cha duara chenye kipenyo cha milimita 300. Nyama hukaa kwenye trei inayosukumwa mbele na nyuma, na mbele ya kisu kuna bamba linalosogezwa kwa kitufe cha kuzungusha ili kupanga unene wa slesi. Bamba hilo lina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Ukilirudisha hadi sifuri, linafunika makali. Ukiliacha kwenye unene wa slesi, makali yanabaki wazi hata mashine ikiwa imelala.

Mashine ilipokuja mpya ilikuwa na vitufe viwili, cha kijani cha kuwashia na chekundu cha kuzimia, na nyuma yake kontakta ndogo. Kitufe cha kijani kinapobonyezwa, koili ya kontakta inavuta na kujishikilia yenyewe kwa umeme ule ule. Umeme ukikatika, koili inaachia. Ukirudi, mashine inakaa kimya hadi mtu abonyeze tena kijani. Miaka miwili kabla ya ajali kontakta iliungua. Fundi alitafuta kipuri mjini, akakosa, akafunga swichi ya kubonyea kama ya taa ya ukutani. Mashine ikazunguka vizuri, wateja wakapata slesi zao, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kilikuwa kimeondolewa. Swichi ya namna hiyo hubaki mahali ulipoiacha. Umeme ukikatika ikiwa imewashwa, inausubiri umeme ikiwa imewashwa vile vile.

Jambo la pili la mahali hapo ni soketi. Ilikuwa ukutani nyuma ya friza ndefu, na mbele ya friza kulikuwa na kreti za soseji. Kuchomoa plagi ya slaisa kulimtaka mtu aondoe kreti, ainame na kupenyeza mkono. Nilijaribu mwenyewe nikiwa na saa mkononi. Ilinichukua dakika tatu na nusu, na nilitoka na vumbi hadi begani.

## Siku yenyewe

Nitamwita mfanyakazi Rehema. Alikuwa na miaka mitano kazini na ndiye aliyewafundisha wenzake kutumia slaisa, kwa hiyo wazo la kwamba alikuwa mgeni wa mashine tuliweke kando.

Saa kumi na nusu jioni umeme ulikatika akiwa amebakiza slesi chache. Kisu kilipunguza mwendo, kikasimama. Gari la mzigo lilitarajiwa saa kumi na moja, na kabla halijafika mashine ilipaswa iwe safi. Rehema akaona kukatika kwa umeme kumempa nafasi. Alivaa glovu, akatoa trei ya nyama, akafungua kifuniko cha katikati ya kisu, akachovya taulo kwenye maji ya sabuni na kuanza kufuta. Bamba la unene lilikuwa bado kwenye milimita tatu. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Taulo alikuwa amelizungusha kwenye vidole ili lisimponyoke.

Nje, mlinzi, mzee wa miaka sitini na kitu, alifanya alichokuwa akifanya kila umeme ulipokatika. Aliwasha jenereta, akasubiri itulie, akageuza chenjiova, swichi inayohamisha kiwanda kutoka umeme wa mji kwenda wa jenereta. Kutoka pale alipo haoni chumba cha kukatia, na chumba cha kukatia hakimsikii zaidi ya mngurumo wa jenereta, ambao Rehema aliusikia. "Nilisikia jenereta," aliniambia. "Nikajua taa zinarudi. Sikuwaza kisu. Kisu nilikuwa nakiona kimesimama."

Kisu kilianza kuzunguka taulo likiwa kwenye makali. Kililivuta taulo, taulo likavuta glovu, na glovu ikavuta mkono wa kulia kuelekea makali. Mwenzake aliyekuwa akipanga soseji alikimbilia swichi kuu ya ukutani. Yote yalikwisha ndani ya sekunde mbili au tatu. Kidole cha shahada kilikatwa upande wa kiganja, kwenye pingili ya kati. Kidole cha kati kilichubuka na kukatwa ngozi tu.

## Maamuzi ya dakika za kwanza

Hapa kuna mambo yaliyofanywa vizuri na sitaki yapotee.

Mwenzake mmoja alikuja mbio na kahawa ya unga ili aimwagie kidonda. Msimamizi, kijana wanayemwita Kaka Juma hapo kazini, alimzuia. Alichukua kitambaa safi cha pamba kutoka kabatini, akakikunja, akakibana juu ya kidonda kwa kiganja chake, akamketisha Rehema chini na kumwinulia mkono juu ya usawa wa moyo. Kisha akaacha kuchungulia. Watu wengi hubana dakika moja, wakafunua waone, damu ikaanza upya, wakabana tena. Yeye alikaa robo saa bila kufunua, na kitambaa cha kwanza kilipoloa aliongeza cha pili juu yake bila kutoa cha kwanza. Damu ilitulia.

Uamuzi wake mwingine mzuri ulikuwa wa pete. Rehema alikuwa na pete kwenye mkono ule ule, kidole cha pete, ambacho hakikuguswa na kisu. Kaka Juma aliivua kwa sabuni mapema, kabla mkono haujavimba. Saa mbili baadaye isingetoka bila kukatwa. Ukweli ni kwamba pete hiyo haikupaswa kuwamo ndani ya glovu tangu asubuhi, na hilo sasa limebadilishwa kiwandani.

Kumfunga kidole kwa mpira wa kufungia mifuko, ambako mwenzake mmoja alipendekeza, alikukataa pia. Mpira mwembamba huzuia damu kwenye kidole chote, huumiza mishipa ya fahamu, na mtu akisahau kuutoa kidole kinaweza kufa. Kwa kidonda cha kidole, kubana kwa mkono kunatosha karibu kila mara.

Walimpeleka kwa bajaji, mkono ukiwa juu, katika kituo cha afya cha karibu. Huko alishonwa nyuzi sita, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa na kuambiwa arudi siku ya nne kubadilisha bandeji.

## Kano ambalo halikuonekana

Siku ya nne muuguzi aliyefungua bandeji alifurahi kuona kidonda kikavu. Akamwambia, "Haya dada, kunja vidole tuone." Kidole cha shahada kilikunjika katikati, lakini ncha ilibaki imenyooka kama penseli. Rehema alidhani ni uvimbe. Muuguzi hakudhani hivyo, akamwandikia rufaa siku hiyo hiyo.

Kila kidole, isipokuwa gumba, kina makano mawili ya kukunjia upande wa kiganja. Moja huishia pingili ya kati, jingine hupita hadi kwenye ncha. La Rehema lililokwenda kwenye ncha lilikuwa limekatika kabisa, na ngozi ilikuwa imeshonwa juu yake. Kano lililokatika halijiungi lenyewe, kwa sababu misuli ya mkono huvuta kipande cha juu na kukirudisha kuelekea kwenye kiganja. Siku zinavyokwenda ndivyo kazi ya daktari wa upasuaji inavyokuwa ngumu.

Kupima hakuhitaji chombo chochote. Mtu hushikiwa kidole chini kidogo ya kiungo cha mwisho, kikiwa kimenyooshwa, kisha huambiwa akunje ncha peke yake. Isipokunjika, kano limekatika hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikikunjika kwa udhaifu na maumivu makali, huenda limekatika nusu. Baada ya hapo huguswa pande zote mbili za ncha kwa kitu chepesi na kuulizwa kama anahisi sawa na vidole vingine, ili kujua kama mishipa ya fahamu iko salama. Kipimo hiki cha pili lazima kitangulie sindano ya ganzi, maana baada ya ganzi hakuna anachohisi.

Naliandika hili kwa urefu kwa ajili ya wasimamizi wa viwanda na mabucha, hata kama si waganga. Kidonda cha kisu kwenye kidole huweza kuwa kidogo kwa nje, chenye kingo safi, na kikatoa damu kidogo, na bado kikawa kimekata kano. Unapompeleka mtu, una haki ya kuuliza pale pale: "Ncha inakunjika? Anahisi pande zote mbili?"

Rehema alifanyiwa upasuaji siku ya sita katika hospitali ya rufaa. Alivaa kipande cha kushikilia mkono kwa wiki sita huku akifanya mazoezi aliyopangiwa, na hakuruhusiwa kubeba kitu kizito hadi wiki ya kumi na mbili. Alirudi kazini wiki ya kumi na nne, kwanza kwenye kufungasha. Ncha ya kidole inakunjika kama nusu ya zamani. Anashika kisu, lakini vifungo vya shati vinamsumbua.

## Glovu: ilishindwa au ilitumiwa mahali pasipo pake?

Sasa nirudi kwenye swali la mwenye kiwanda. Glovu ilikuwa halisi. Kwenye lebo yake kulikuwa na picha ya nyundo ndani ya ngao, na chini yake maandishi EN 388 na 4X43D. Tarakimu na herufi hizo husomwa kwa mpangilio: kuhimili kusuguliwa, kukatwa kwa kipimo cha zamani, kuchanika, kutobolewa, na mwisho kukatwa kwa kipimo kipya. X maana yake kipimo hicho cha zamani hakikutumika. Herufi ya mwisho ndiyo ya kutazama kwa kazi ya visu. Huanzia A, ambayo ni ya chini, hadi F.

D maana yake nini hasa? Maabara huchukua wembe ulionyooka, huuburuta juu ya kitambaa cha glovu, na kutafuta nguvu ya kuukandamiza inayotosha kupasua kitambaa ndani ya mwendo wa milimita 20. Kwa D nguvu hiyo ni kuanzia nyutoni 15 hadi chini kidogo ya 22. Nyutoni 15 ni kama uzito wa kilo moja na nusu ukiwa umekaa juu ya wembe. Kwa kisu kinachoteleza mkononi wakati wa kutoa mifupa, au kwa makali ya kisu kilichosimama yanayoguswa kwa bahati mbaya, hiyo ni kinga nzuri na ninaipendekeza.

Sasa linganisha na slaisa. Kibati chake kinasema mizunguko 280 kwa dakika. Mzingo wa kisu cha milimita 300 ni karibu sentimita 94, kwa hiyo makali yanapita mita 4.4 kila sekunde. Hizo ni milimita 20 za maabara zikirudiwa mara 220 ndani ya sekunde moja, na mota haichoki. Hakuna glovu ya kufumwa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, iwe D au F. Tena uzi imara una hatari yake. Glovu laini ya mpira ingepasuka na kuachia. Uzi wa kuzuia kukatwa haukatiki upesi, hunasa, na ukishanasa kwenye kisu kinachozunguka huvuta mkono. Nyuzi ndefu zilizotoka kwenye glovu ya Rehema zilikuwa ushahidi wa hilo. Taulo lililozungushwa vidoleni lilianza kazi hiyo, glovu ikaimalizia.

Kwa hiyo nilimwambia mwenye kiwanda asitupe glovu zake. Zivaliwe wakati wa kuosha, zikiwa kavu na za saizi ya mkono, kisu kikiwa hakina njia yoyote ya kuzunguka. Zisivaliwe kwenye slaisa inayofanya kazi wala kwenye msumeno wa mifupa. Hali ni ile ile kwa glovu ya pete za chuma. Ni kinga bora kwa mkono usioshika kisu wakati wa kutoa mifupa, lakini ikiguswa na msumeno inanaswa na kupeleka mkono wote.

## Kwa nini mtu mzoefu aliosha mashine iliyowashwa

Ripoti ya kwanza ya kiwanda ilisema "uzembe wa mfanyakazi". Sikuikubali, na mwisho mwenye kiwanda naye hakuikubali.

Rehema aliamini mashine imezimwa kwa sababu haikuwa na umeme. Kila mtu pale aliamini hivyo. Kwa miaka mitatu ya mwanzo imani hiyo ilikuwa sahihi, kwa kuwa kontakta ilikuwapo, na mikono yake ilizoea hivyo. Mashine ilibadilika tabia, yeye hakuambiwa. Kwenye mji ambao umeme hukatika na kurudi, mashine inayojiwasha yenyewe ni hatari iliyokuwa ikisubiri siku yake, na mtu aliyegeuza chenjiova hakuwa na namna ya kujua mkono uko wapi.

Alijua pia kwamba plagi huchomolewa kabla ya kuosha. Tangazo lilikuwa ukutani, limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Lakini kreti zilikuwa mbele ya friza, friza mbele ya soketi, na gari njiani. Utaratibu unaodai dakika tatu na nusu za kuhamisha mizigo kila jioni hautafuatwa kila jioni, na msimamizi alikuwa akiona hivyo kwa miezi bila kusema.

Kosa la baadaye lilikuwa la taarifa. Kwa kuwa kidonda kilionekana kidogo, hakuna aliyeandika chochote hadi upasuaji ulipotajwa. Dai la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi lilikwenda likiwa limechelewa na karatasi za kituo cha kwanza zikiwa hazijakamilika, na Rehema alikaa wiki kadhaa akikopa nauli ya kwenda mazoezi ya mkono. Hilo liliniuma kuliko mengine yote, kwa sababu lilizuilika kwa karatasi moja iliyojazwa jioni ile.

## Yaliyobadilishwa

Soketi ilihamishwa. Sasa iko ukutani juu ya meza ya slaisa, na waya ni mfupi kiasi kwamba plagi ikichomolewa inalazwa mezani, mbele ya macho ya anayeosha. Akiiona pale, anajua. Asipoiona, hagusi kisu.

Fundi mwingine alifunga kontakta mpya na vitufe viwili. Kisha tuliipima, na kipimo hiki kinaweza kufanywa na yeyote. Mashine iwe tupu, kinga zote zimefungwa, bamba kwenye sifuri, watu wote wamesimama mbali. Iwashe. Zima umeme kwenye swichi kuu. Subiri kisu kisimame. Rudisha umeme. Kisu kikizunguka bila mtu kubonyeza, mashine hiyo haifai kutumika hadi itengenezwe.

Kuosha nako kulipangwa upya, na Rehema ndiye aliyenirekebisha nilipokosea mpangilio. Kwanza plagi mezani. Pili bamba la unene kwenye sifuri, makali yafunikwe. Tatu trei na kifuniko vitolewe vikaoshwe kwenye sinki, na mtu asitumbukize kitu chenye makali kwenye maji ya povu asikoona chini. Nne kisu kifutwe kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kufuata mzingo wa makali, kwa brashi yenye mpini mrefu au kitambaa kilichokunjwa bapa bila kuzungushwa vidoleni. Upande mmoja ukiisha, kisu kizungushwe kidogo kwa kushika sehemu ya katikati, kisha kuendelea. Plagi inarudi ukutani baada ya kila kipande kurudi mahali pake.

Mlinzi naye amepewa sehemu. Kabla ya kugeuza chenjiova anagonga mlango wa chumba cha kukatia na kusubiri ajibiwe. Mzee huyo alikuwa amejilaumu kimya kimya tangu siku ile, na alikuwa hajaulizwa na mtu yeyote.

Baada ya slaisa tulizijaribu mashine nne zilizobaki kwa kipimo kile kile. Ya kujazia soseji na msumeno zilikaa kimya umeme uliporudi. Ya kusagia na ya kuchanganyia zilianza kuzunguka zenyewe. Ya kuchanganyia imeshafungwa kontakta. Ya kusagia inahitaji kubwa zaidi ambayo bado haijafika, na kwa sasa swichi yake ukutani ina kufuli, ufunguo ukiwa shingoni mwa anayeisafisha.